Swali moja, kanuni moja: utunzi wa maswali ya kubadilisha sentensi

Hebu tuanze na swali la aina ambayo kila aliyepitia shule zetu amewahi kukutana nayo: 'Andika sentensi hii kwa wingi katika kauli ya kutendwa: Mtoto huyu amekula chungwa lake.' Jibu linalotarajiwa ni 'Machungwa yao yameliwa na watoto hawa.' Alama mbili.

Sasa chukua karatasi ya mwanafunzi aliyeandika 'Machungwa yao yamekulwa na watoto hawa.' Utampa ngapi? Wingi wa nomino zote mbili ameuweza. 'Huyu' amekigeuza 'hawa' bila tatizo. Kimilikishi kimetoka 'lake' kikawa 'yao', jambo linalowashinda wengi kwa sababu linadai ubadilishe ngeli na nafsi kwa pamoja. Kiambishi 'ya-' kiko mahali pake na 'na' ya mtenda ipo. Alichokosa ni kimoja tu, yaani umbo la kutendwa la kitenzi '-la', ambalo ni '-liwa'. Mwalimu mmoja atampa moja na nusu, mwingine moja, na yule mkali atampa sufuri kwa hoja kwamba swali lilikuwa la kauli ya kutendwa na kauli ndiyo iliyoharibika. Wote watatu wana hoja, na hapo ndipo penye taabu.

Taabu kubwa zaidi huja baadaye, mwalimu anapotaka kujua afundishe nini wiki ijayo. Darasa zima limepata wastani wa alama moja kati ya mbili. Je, hawajui wingi? Hawajui kutendwa? Au hawajui vitenzi vya silabi moja tu? Alama haisemi. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, sehemu ya matumizi ya lugha ina alama 40, na maswali ya kubadilisha sentensi hayakosi humo. Mitihani ya shuleni huiga mtindo huohuo. Ndiyo maana nataka leo tulitazame swali la aina hii kwa upande wa anayelitunga, si wa anayelijibu.

Swali la kubadilisha sentensi lina sehemu tatu: sentensi asilia, maagizo, na orodha ya majibu yanayokubalika. Wengi wetu hutunga ile ya kwanza kwa dakika moja, ya pili kwa neno moja ('Kanusha', 'Badilisha', 'Geuza'), na ya tatu tunaiandika siku ya kusahihisha tukiwa tayari na rundo la karatasi mezani. Mimi hushauri tuanze na kitu kinachotangulia zote tatu, nacho ni kutaja kanuni moja kwa sentensi kamili. 'Kauli ya kutendwa' si kanuni. Hiyo ni ukoo mzima.

Utazame ukoo wenyewe. Kitenzi ambacho mzizi wake unaishia kwa konsonanti hupata '-w-' tu: '-piga' huwa '-pigwa', '-vunja' huwa '-vunjwa'. Vitenzi vya silabi moja vina njia zao na inabidi vikaririwe: '-la' ni '-liwa', '-nywa' ni '-nywewa', '-pa' ni '-pewa'. Vile vya kukopwa visivyoishia kwa 'a' vina utaratibu mwingine: '-jibu' hutoa '-jibiwa', '-samehe' hutoa '-samehewa'. Halafu kuna kundi ninalotaka tushughulike nalo leo, la vitenzi vinavyoishia kwa '-ua' na '-oa'. Hivi huingiza 'l' kabla ya kutendwa: '-fua' huwa '-fuliwa', '-pasua' huwa '-pasuliwa', '-ng'oa' huwa '-ng'olewa', '-okoa' huwa '-okolewa'. Irabu inayofuata hiyo 'l' huamuliwa na irabu iliyotangulia. Baada ya 'u' tunapata 'i', baada ya 'o' tunapata 'e'.

(Hiyo 'l' haikuzuka hivihivi. Wanaisimu huieleza kuwa sauti ya kale ya Kibantu iliyodondoka katika Kiswahili ikabaki katika lugha jirani. Mganda husema 'okuzaala' pale sisi tunaposema 'kuzaa'. Yetu ilipotea, lakini ukitumia kutendwa inachomoza tena: 'zaliwa'.)

Basi kanuni yetu tuiandike hivi: 'Kitenzi kinachoishia kwa -oa au -ua huunda kutendwa kwa -lewa au -liwa kulingana na irabu iliyotangulia.' Ukishaandika hivyo, umejua pia mipaka yake. Vitenzi vya '-ia' na '-ea' umeviacha nje makusudi, kwa sababu haviendi sawa: '-tia' hutoa '-tiwa' bila 'l' yoyote, na '-pokea' utaisikia ikiwa 'pokewa' na pia 'pokelewa'. Umeiacha '-ua' yenyewe pia, maana kutendwa kwake kuliko sanifu ni '-uawa'. Mtunzi asiyetaja kanuni yake huchanganya haya yote katika kapu moja, kisha hushangaa kwamba wanafunzi 'hawajui kutendwa'.

Sasa sentensi asilia. Wazo la kwanza kwa kawaida huwa kama hili: 'Fundi alibomoa ukuta.' Jibu: 'Ukuta ulibomolewa na fundi.' Ni sentensi nzuri, fupi, ya kila siku. Ila tazama kilichotokea kwa kiambishi cha nafsi: 'a-' ya fundi imekuwa 'u-' ya ukuta. Mwanafunzi akiandika 'Ukuta alibomolewa na fundi', amekosa upatanisho wa kisarufi, na kanuni yetu ameipata barabara. Tumeshapima mambo mawili.

Mtu atasema, basi tuchague watu pande zote mbili ili 'a-' ibaki 'a-': 'Askari alimwokoa mvuvi.' Jibu: 'Mvuvi aliokolewa na askari.' Afadhali, lakini kumeingia jambo jingine kwa mlango wa nyuma. Shamirisho ni mtu, kwa hiyo Kiswahili sanifu kinadai 'm-' ndani ya kitenzi, na katika kutendwa ni lazima 'm-' hiyo itoke. Wapo watakaoandika 'Mvuvi alimwokolewa na askari'. Hilo ni kosa linalostahili swali lake lenyewe, lisidandie hili.

Njia ya kutokea ni kutafuta mtenda na mtendwa wasio na uhai na walio katika ngeli moja. Kiambishi hakitabadilika na hakuna cha kuondoa. 'Mvua ilibomoa nyumba ile' hutoa 'Nyumba ile ilibomolewa na mvua.' Hapo 'i-' ni ileile pande zote mbili. 'Mawimbi yalibomoa mabanda' hutoa 'Mabanda yalibomolewa na mawimbi.' 'Maji yalizoa majani' hutoa 'Majani yalizolewa na maji.' Kwa upande wa '-ua' tunaweza kuandika 'Mwiba ulipasua mpira', jibu likiwa 'Mpira ulipasuliwa na mwiba.' Kila mara kilichobadilika ndani ya kitenzi ni mwisho wake tu, na huo mwisho ndio tunaoutafuta.

Niliwahi kufikiria kutumia '-ezua', kama katika 'Dhoruba iliezua nyumba ile'. Ni kitenzi kizuri sana, ila mwanafunzi wa mjini ambaye hajaona paa likiondolewa makuti au mabati hukwama kwenye neno kabla hajafika kwenye sarufi. Msamiati mgumu ni kanuni ya pili iliyojificha. Nikakiweka akiba kwa ajili ya swali la msamiati.

Tuje kwenye maagizo, sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Mtunzi akiandika tu 'Anza na: Nyumba ile', amefungua mlango mpana. Mwanafunzi anaweza kuandika 'Nyumba ile mvua iliibomoa', na ametii. Anaweza kuandika 'Nyumba ile ilibomoka kwa sababu ya mvua', na ametii vilevile. Sentensi zote mbili ni Kiswahili safi na zimeanza kama zilivyoambiwa. Mtahini atazikata kwa kuwa hazimo katika mwongozo wake, na mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba Kiswahili chake cha nyumbani ni kibovu. Huo ni uonevu, na naona unatokea mara nyingi kuliko tunavyokubali.

Msingi ninaoufuata ni kwamba jibu lolote la Kiswahili sahihi linalotii maagizo lazima likubaliwe. Usipotaka kulikubali, rekebisha maagizo kabla ya mtihani. Katika swali letu, maagizo yakisomeka 'Andika upya katika kauli ya kutendwa ukianza na: Nyumba ile. Usibadilishe wakati', ile ya 'mvua iliibomoa' imetoka kwa sababu si kutendwa, na ile ya 'ilibomoka' imetoka kwa sababu ni kutendeka. Sasa ni halali kuzikataa.

Baada ya hapo ndipo orodha ya majibu huandikwa, nayo hutengenezwa pamoja na swali, siku hiyohiyo. Mimi huigawa karatasi pande mbili. Upande wa kwanza ni wa yanayokubalika. Kwa swali letu la mvua nina 'Nyumba ile ilibomolewa na mvua', ambalo ndilo jibu la kawaida, na 'Nyumba ile ndiyo iliyobomolewa na mvua', kwa kuwa mkazo wa 'ndiyo' hauharibu kitu na mwisho wa kitenzi uko sawa. Nina pia 'Nyumba ile ilibomolewa', bila mtenda. Hili la mwisho huzua ubishi. Wenzangu wengine hulikata kwa sababu habari ya mvua imepotea. Lakini kanuni niliyoitaja ni ya umbo la kitenzi, na umbo limeonyeshwa lote. Kama namtaka mtenda, nitaongeza katika maagizo 'Mtaje mtenda', au nitatunga swali jingine kuhusu 'na' ya mtenda.

Na hiyo 'na' ina kisa chake katika swali la mwiba. Wapo watakaoandika 'Mpira ulipasuliwa kwa mwiba'. Kisarufi 'kwa' huonyesha kifaa, kana kwamba kuna mtu aliyeushika mwiba akapasua mpira, na maana imehama kidogo. Lakini ni kosa lililo nje ya kanuni yetu. Naliandika katika orodha: 'kwa badala ya na: alama kamili, liwekewe duara'. Duara hilo halimnyimi mwanafunzi kitu, ila linanikumbusha kulizungumzia darasani. Ndivyo ninavyofanya pia kwa aliyeandika 'imebomolewa' badala ya 'ilibomolewa'. Wapo watakaoniambia kwamba huo ni ulegevu. Mimi naona ulegevu ni kukata alama ya kutendwa kwa kosa la wakati halafu kumwandikia mzazi kwamba mtoto hajui kutendwa.

Upande wa pili wa karatasi ni wa majibu mabaya ninayoyatarajia, na huu ndio unaonifaa zaidi baadaye. Kwa '-bomoa' natarajia matatu. 'Ilibomoliwa' inaniambia kwamba mwanafunzi anaijua 'l' ila hajaupata ulinganifu wa irabu, na huyo dakika kumi zitamtosha. 'Ilibomowa' inaniambia kwamba anajua kutendwa ni 'w' na ameibandika tu. Huyo anahitaji somo zima. 'Ilibomoka' inaniambia kwamba anachanganya kutendwa na kutendeka, na kwake suala la irabu halijafika bado. Wote watatu wamepata sufuri, lakini si sufuri moja.

Ili nisidanganywe, huweka swali moja la kupimia, ambalo halihitaji 'l'. Kwa mfano 'Mawe yalivunja madirisha', ambalo jibu lake ni 'Madirisha yalivunjwa na mawe.' Mwanafunzi aliyelipata hili na kukosa yale ya '-oa' na '-ua', tatizo lake nalijua. Aliyekosa yote, pengine hata maagizo hakuyaelewa. Kwa kanuni yenyewe hutumia vitenzi vitatu au vinne tofauti, kwa sababu neno moja linaweza kuwa limekaririwa. Mtoto anaweza kuwa amesikia 'ilibomolewa' kwenye taarifa ya habari mara kumi bila kujua kanuni yoyote.

Kuna jambo dogo la ufupi ambalo huokoa muda mwingi. Rasimu ya kwanza ya swali letu ilikuwa 'Mvua ilibomoa nyumba ile usiku.' Neno 'usiku' halipimi kitu, lakini linazunguka: 'ilibomolewa na mvua usiku', 'ilibomolewa usiku na mvua', na 'ile usiku ilibomolewa na mvua'. Kila jibu katika orodha limejizidisha mara tatu. Ukilifuta, orodha inarudi kuwa fupi. Vielezi vya wakati na mahali ni vya kuondolewa isipokuwa vyenyewe ndivyo vinavyopimwa.

Si kila kanuni inakubali kubanwa hivyo. Zipo ambazo lugha yenyewe imetoa njia mbili, na hapo mtunzi hana budi kuziandika zote. Mfano mzuri ni ukanushaji wa '-nge-'. 'Kanusha: Tungepanda mapema tungevuna.' Miongozo mingi ina jibu moja: 'Tusingepanda mapema tusingevuna.' Lakini Wakenya wengi, wakiwemo walimu wa Kiswahili wakiwa wamestarehe, husema 'Hatungepanda mapema hatungevuna.' Maumbo yote mawili yapo katika lugha, yote yanaeleweka na yote yanaandikwa. Kama kanuni yako ni 'ukanushaji wa hali ya -nge-', lazima yote mawili yaingie. Yakishaingia mawili kwa kila kitenzi, na vitenzi ni viwili, majibu yamekuwa manne, kwa sababu atakuwepo wa 'Tusingepanda mapema hatungevuna' na atakuwepo wa kinyume chake. Mimi huyakubali yote manne. Ukitaka '-singe-' peke yake, sema katika maagizo: 'Kanusha vitenzi vyote viwili kwa kutumia -si-.' Ni maneno machache tu na ugomvi umekwisha.

Nikasema 'vitenzi vyote viwili' kwa makusudi. Neno 'Kanusha' peke yake kwa sentensi ya masharti halitoshi. Sentensi 'Tungepanda mapema tungevuna' tayari inabeba ndani yake habari kwamba hatukupanda. Ukikanusha pande zote mbili, ukapata 'Tusingepanda mapema tusingevuna', sasa inamaanisha tulipanda na tukavuna. Kwa mwanafunzi anayefikiri kwa maana, 'kanusha' ni kukataa habari iliyosemwa, na anaweza kujibu 'Hata tungepanda mapema tusingevuna.' Hicho ni Kiswahili kizuri na ni ukanushaji wa kweli kabisa. Mtahini atakikata. Maagizo yanayotaja vitenzi vyote viwili yangemwelekeza tangu mwanzo.

Upande wa yasiyokubalika naandika 'Tusingalipanda mapema tusingalivuna', si kwa kuwa ni kibaya, ila kwa kuwa '-ngali-' haikuwa katika sentensi asilia na hakuna aliyeiomba. Naandika pia mchanganyiko wa 'Tusingepanda mapema tusingalivuna', ambao sarufi ya shuleni haiukubali hata pale palipoombwa '-ngali-'. Kwa kitenzi nimechagua '-panda' na '-vuna' badala ya '-enda'. Ukisema 'Ungeniita ningeenda', utapokea 'nisingeenda' na 'nisingekwenda', pamoja na 'singeenda' na 'singekwenda', kwani katika nafsi ya kwanza umoja hiyo 'ha-' na 'ni-' huungana zikawa 'si-'. Orodha itakuwa ndefu kuliko swali. Kipimo changu cha mkono ni kwamba orodha ikizidi majibu matano, kuna kitu ndani ya sentensi ambacho sikukusudia kukipima, na narudi kukisaka.

Upo pia mtego wa kanuni ambazo wasemaji wenyewe hawajakubaliana. Chukua 'Mama alimpikia mtoto uji.' Maagizo yakisema 'Andika katika kauli ya kutendewa ukianza na: Mtoto', mambo ni shwari. Kitondo, yaani yule aliyetendewa, amekuwa kiima: 'Mtoto alipikiwa uji na mama.' Nakubali pia 'Mtoto alipikiwa na mama uji', ingawa masikioni mwangu linaburura miguu. Nakataa 'Mtoto alimpikiwa uji', kwa ile 'm-' iliyobaki, na nakataa 'Mtoto alipikwa uji na mama', ambalo kila mwaka huleta kicheko chumba cha kusahihishia, maana masikini mtoto ameingia sufuriani. Lakini ukiagiza 'Anza na: Uji', umeingia pabaya. Wapo watakaotoa 'Uji ulipikiwa mtoto na mama' na wapo watakaokuapia kwamba hakuna Mswahili anayesema hivyo. Wataalamu wakibishana kuhusu jibu, mtahiniwa asitiwe katikati. Swali la namna hiyo linafaa kujadiliwa darasani, si kuwekewa alama.

Kabla ya swali kwenda kwa wanafunzi, mpe mtu anayekisema Kiswahili vizuri na ambaye hajaiona orodha yako. Afadhali watu wawili, na afadhali zaidi mmoja awe wa Pwani na mwingine wa bara. Usiwaeleze unapima nini. Wakileta jibu ambalo hukulifikiria, una njia mbili tu: kuliongeza katika orodha, au kuyabana maagizo hadi lisiwezekane. Kusema 'aah, sikumaanisha hivyo' si njia ya tatu, kwa sababu siku ya mtihani hutakuwepo kuwaambia watahiniwa ulichomaanisha.

Hata baada ya hapo, karatasi 20 za kwanza zisahihishe kwa penseli. Wanafunzi wana ubunifu ambao hakuna mwalimu anayeweza kuukisia wote. Likijitokeza jibu sahihi jipya katika karatasi ya 15, utairudia ile ya 3 uliyoikata kwa jibu hilohilo. Penseli inafutika. Zikiisha hizo 20 orodha huwa imetulia, na unaweza kuchukua kalamu nyekundu.

Nikiulizwa kama mtihani mzima uwe wa maswali ya namna hii, nitajibu hapana. Swali la kanuni moja linapima umbo, halipimi kama mwanafunzi anajua wakati gani wa kulitumia umbo hilo. Anayejua kugeuza 'Mvua ilibomoa nyumba ile' anaweza kuandika insha nzima ya mafuriko bila kutendwa hata kumoja, au akakijaza kila mahali mpaka insha ikasomeka kama ripoti ya polisi. Hilo linapimwa kwa insha. Na kwa kidato cha nne si vibaya kuunganisha kanuni mbili katika swali moja, mradi kila moja iwe na alama yake katika mwongozo: nusu ya wingi, nusu ya kutendwa. Lile swali la machungwa tulilolianza nalo linaweza kuokolewa hivyohivyo. Ukihesabu vizuri utaona kwamba lina mambo saba, na hakuna namna ya kuyagawia alama mbili bila mtu kuonewa. Livunje. 'Andika kwa wingi: Mtoto huyu amelala' liwe moja. 'Andika kwa wingi: Chungwa lake limeoza' liwe la pili, huku ukikubali 'Machungwa yake yameoza' pamoja na 'Machungwa yao yameoza', kwa kuwa hakuna katika sentensi aliyesema mwenye machungwa naye aongezeke. Na '-liwa' ipate swali lake, pamoja na ndugu zake '-nywewa' na '-pewa'.

Kuhusu hiyo 'yamekulwa' yenyewe, iweke upande wa pili wa karatasi. Utaikuta tena, maana mitaani Nairobi 'imekulwa' husikika kila siku, na anayeiandika ameonyesha waziwazi kwamba kutendwa anakujua: ameifanyia '-kula' kama vile mzizi wake ni 'kul-', akabandika 'w' palepale inapotakiwa.